Volti Sita Zinazogeuka Nne

Una betri ya volti 12 na redio ndogo ya volti 6. Unaunganisha rezista mbili za omu 1,000 mfululizo kwenye betri, unapima ya chini, na mita inasoma 6. Unaiwasha redio, inakoroma na kuzima.

Mita haikukosea. Yenyewe hunyonya umeme kidogo mno, hivyo rezista zote mbili zilipitisha mkondo uleule na kugawana volti nusu kwa nusu. Redio ni mzigo halisi. Tuseme ina ukinzani wa omu 1,000. Ikikaa sambamba na rezista ya chini, umeme unapata njia mbili, na ukinzani wa upande huo unashuka hadi omu 500. Mkondo wote wa njia hizo hupitia rezista ya juu, ambayo sasa inabakiza volti 8. Redio inaachiwa 4.

Kwa hiyo pima mzigo ukiwa umewashwa. Rezista za omu 100 zingeipa redio volti 5.7 hivi, lakini zingemaliza betri hata redio ikiwa imezimwa. Kwa redio, mimi ningetumia kidhibiti volti.