Kauli baada ya kiwanda kuungua

Usiku wa tarehe 11 Desemba 1995, kiwanda cha nguo cha Malden Mills huko Methuen, Massachusetts, kiliteketea. Wafanyakazi kadhaa waliungua vibaya, na karibu 3,000 hawakujua kama bado wana kazi.

Siku 3 baadaye, mwenye kiwanda, Aaron Feuerstein, alikutana nao ukumbini. Aliwaahidi mambo yanayopimika: mishahara itaendelea kwa siku 30, bima ya afya kwa siku 90, na kiwanda kitajengwa upya. Muda wa mishahara ulipokwisha, aliuongeza.

Msemaji yeyote wa kampuni aanzie hapo. Ataje walioumia kabla ya mashine, na majina ya marehemu yasitangazwe kabla familia hazijaarifiwa. Kuhusu chanzo, aseme uchunguzi unaendelea, basi. Akikisia "hitilafu ya umeme" kisha wachunguzi wakagundua jingine, hataaminiwa tena. Kisha aeleze mshahara utalipwa lini, majeruhi watahudumiwa na nani, na taarifa ijayo itatoka saa ngapi.

Kauli inayosema "tunasikitika" bila tarehe hata moja haimsaidii mfanyakazi. Waandishi wa habari, iulizeni tarehe hiyo.