Stuli 80: Mkono au Mashine?

Mwenye karakana ya samani pale Keko, Dar es Salaam, akishapokea oda ya stuli 80 za mbao, suala la wingi limeshaamuliwa na mteja. Kinachobaki mikononi mwake ni namna ya kuzitengeneza. Anaweza kupeleka mbao kwenye mashine zikarandwa na kukatwa, akalipia saa za mashine. Anaweza pia kuwaachia mafundi wake randa za mkono, misumeno na msasa, akalipia saa zao. Kati ya njia hizo mbili kuna michanganyiko chungu nzima, na yote inatoa stuli zilezile 80. Yeye anautafuta ule mmoja utakaomtoa pesa kidogo kuliko mingine yote.

Ili kuupata, kwanza lazima ijulikane jinsi saa za mafundi na saa za mashine zinavyogeuka kuwa stuli. Kanuni ambayo wachumi huikimbilia zaidi ina majina ya watu wawili. Mchumi Paul Douglas, ambaye baadaye alikuja kuwa seneta wa Illinois, alikuwa amekusanya takwimu za viwanda vya Marekani za miaka ya 1899 hadi 1922, akamwomba mwanahisabati Charles Cobb wa Chuo cha Amherst amtafutie kanuni ya kuzielezea. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1928. Mswidi Knut Wicksell alikuwa ameshaitumia kanuni ya sura hiyo kabla yao, lakini jina liliwaangukia hao wawili. Walichokiona ni kwamba uzalishaji wa viwanda ulifuata kwa karibu nguvu kazi iliyopandishwa kwa kipeo cha robo tatu, ikazidishwa kwa mtaji uliopandishwa kwa kipeo cha robo moja.

Tuviazime vipeo vyao tuvilete karakanani. Stuli ni Q, saa za mafundi ni L, saa za mashine ni K:

Q = L^(3/4) × K^(1/4)

Tuseme saa moja ya fundi ni shilingi 3,000 na saa moja ya mashine ni shilingi 16,000. Mbao, gundi na misumari tuviweke kando kwa sasa, maana kila stuli inakula kiasi kilekile iwe imetengenezwa kwa mkono au kwa mashine.

Chukua kwanza mwenye karakana anayeiogopa bei ya mashine. Anakodi saa 5 tu. Kwa kanuni yetu, ili zitoke stuli 80 atahitaji karibu saa 202 za mafundi, na jumla yake itafika kama shilingi 685,000. Mwenzake anayependa mashine anakodi saa 20, mafundi wanabaki na saa 127, na jumla inakuwa kama shilingi 701,000. Wote wawili wamepitiliza, kila mmoja upande wake.

Kujua kwamba umepitiliza hakuhitaji kujaribu kila mchanganyiko. Unauliza swali moja tu: nikipunguza saa moja ya fundi, nitahitaji mashine kwa muda gani ili stuli zisipungue hata moja? Kwa kanuni hii jibu ni 3K/L, ambapo ile 3 ni uwiano wa vipeo, yaani robo tatu kwa robo moja. Kwa yule mwoga, 3 mara 5 gawanya kwa 202 ni takribani saa 0.074, yaani dakika nne na nusu hivi za mashine. Dakika hizo zinamgharimu kama shilingi 1,190, huku saa ya fundi aliyoiokoa ilikuwa shilingi 3,000. Basi na abadilishe, kisha aulize tena. Kila anapobadilisha, K inaongezeka na L inapungua, kwa hiyo muda wa mashine unaohitajika kufidia saa moja ya fundi unazidi kurefuka. Faida ya kubadilisha inasinyaa mpaka inakwisha pale gharama ya huo muda wa mashine inapokuwa sawasawa na gharama ya saa ya fundi. Tukiita bei ya saa ya fundi w na ya saa ya mashine r, hapo ndipo:

3K/L = w/r

Mbinu ya Lagrange wanayofundishwa wanafunzi wa chuo kikuu inaishia kwenye mstari huuhuu. Imeuzungukia kwa njia ndefu zaidi, basi.

Ukiupanga upya mstari huo utasema wL = 3rK: pesa inayokwenda kwa mafundi ni mara tatu ya pesa inayokwenda kwenye mashine. Hapa ndipo ningependa msomaji asimame kidogo. Hakuna bei iliyotajwa katika ile 3. Saa ya mashine ipande au ishuke, mwenye karakana anayepanga vizuri atatumia robo tatu ya pesa zake kwa mafundi na robo moja kwa mashine. Vinavyobadilika ni saa, ila mgawanyo wa pesa haubadiliki. Mambo mengine yote ya kanuni hii, mazuri na mabaya, yanatokana na hilo.

Tukirudi kwenye bei zetu, w/r ni 3 kwa 16, hivyo K inapaswa kuwa sehemu moja ya 16 ya L. Ukiiweka hiyo kwenye kanuni ya uzalishaji, mzizi wa nne wa 16 ni 2, na Q inakuwa nusu ya L. Kwa hiyo kila stuli inataka saa 2 za fundi na dakika saba na nusu za mashine. Oda ya 80 ni saa 160 za mafundi na saa 10 za mashine: shilingi 480,000 na shilingi 160,000, jumla 640,000. Fanya jaribio la kubadilisha: 3 mara 10 gawanya kwa 160 ni dakika 11 na robo za mashine, ambazo ni shilingi 3,000 kamili. Hakuna tena cha kuokoa.

Bei zikiachwa kama herufi, hesabu ileile inatoa mahitaji ya kila nyenzo:

L = Q × (3r/w)^(1/4)
K = Q × (w/3r)^(3/4)

Wachumi huyaita mahitaji yenye sharti, kwa sababu yanajibu swali kwa sharti kwamba idadi ya stuli imeshapangwa. Hayasemi kama oda yenyewe inalipa au hailipi. Ukizidisha kila moja kwa bei yake na kujumlisha, unapata gharama ndogo kabisa ya kutengeneza Q:

C = Q × (4w/3)^(3/4) × (4r)^(1/4)

Kwa bei zetu hiyo ni shilingi 8,000 kwa kila stuli. Ronald Shephard, katika kitabu chake cha mwaka 1953, alionyesha kwamba mtu anaweza kurudi kinyumenyume pia: ukipima jinsi C inavyosogea w inapoongezeka kidogo, unapata L yenyewe. Hapa ni robo tatu ya 640,000 gawanya kwa 3,000, nayo ni 160, saa zilezile za mafundi.

Tuseme sasa saa ya mashine inapanda maradufu hadi shilingi 32,000. Asiyebadilisha kitu atalipa 800,000. Anayepanga upya atashusha mashine hadi karibu saa 6 na kupandisha mafundi hadi karibu saa 190, alipe kama 761,000. Robo moja ya hizo bado ni ya mashine.

Hesabu hizi zote ni za kipindi kirefu, maana yake ni kwamba kila nyenzo inaweza kubadilishwa. Maisha hayaruhusu hivyo kila siku. Ikiwa oda imeongezeka ghafla hadi stuli 160 na zamu ya mashine iliyopatikana ni zile saa 10 tu, mafundi watalazimika kufanya karibu saa 403 badala ya 320. Gharama inafika kama shilingi 1,370,000, wakati kwa mpango wa kipindi kirefu ingekuwa 1,280,000. Hizo 90,000 ni bei ya kutokuwa na nafasi ya kuchagua, na zinakwenda zote kwa kazi ya mkono ambayo mashine ingeifanya kwa nafuu.

Tatizo la kanuni hii ni ukarimu wake. Inaamini kwamba saa za mafundi zinaweza kuchukua nafasi ya mashine bila mwisho, mradi mashine isifike sifuri. Ndiyo maana mbao tuliziweka kando: hakuna saa za fundi zitakazofidia mguu wa nne wa stuli. Anayetaka kujua kama kanuni inamfaa aangalie daftari lake la matumizi. Ikiwa kila bei ya mashine inapopanda fungu la mashine katika matumizi nalo linapanda, basi mafundi hawaichukui nafasi ya mashine kwa wepesi ambao kanuni inaudai.

Vipeo vyetu vilijumlishika kuwa 1, ndiyo maana stuli ya kwanza na ya mia zilikuwa na gharama moja. Jumla ikiwa nyingine, Q katika gharama inapata kipeo cha 1 gawanya kwa jumla hiyo. Marc Nerlove, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1963, alilitumia jambo hilo kwa makampuni 145 ya umeme ya Marekani, kwa takwimu za mwaka 1955, nyenzo zikiwa nguvu kazi, mtaji na fueli. Alikuwa na sababu nzuri ya kuanzia kwenye gharama: kampuni ya umeme haichagui itauza kiasi gani, wateja wakiwasha taa lazima izalishe. Ni oda ya stuli 80 kwa kiwango kingine. Alipata kipeo cha karibu 0.72, maana yake umeme ukiongezeka maradufu gharama inaongezeka kwa kama asilimia 65 tu.

Lakini alipoyagawa makampuni katika makundi matano kwa ukubwa, kila kundi 29, nafuu hiyo ilionekana kubwa kwa madogo na ikawa inapungua kadiri makampuni yalivyokuwa makubwa. Kipeo kimoja hakikuweza kuyabeba yote. Pia bei ya mtaji, ambayo kwa kanuni ilipaswa kupandisha gharama, ilitoka na namba hasi iliyo karibu na sifuri. Mwaka 1976 Laurits Christensen na William Greene waliirudia kazi hiyo kwa kanuni inayoruhusu kipeo kubadilika na ukubwa, wakalinganisha takwimu za 1955 na za 1970. Waliona kwamba kufikia 1970 sehemu kubwa ya umeme ilikuwa ikizalishwa na makampuni ambayo tayari yalikuwa makubwa kiasi kwamba kukua zaidi hakukuwa na unafuu wa maana.