Matokeo ya Moku Yametoka: Mkuu wa Shule Aseme Nini Mstarini?

Kwa shule za sekondari za Tanzania, moku ya kidato cha nne huja miezi michache kabla ya mtihani wa taifa wa Novemba. Matokeo yakibandikwa, habari huenea shule nzima kabla ya kengele ya paredi. Kesho yake asubuhi mkuu wa shule husimama mbele ya wanafunzi ambao kila mmoja tayari anajua daraja lake na la jirani yake. Ana dakika kumi hivi, na katika dakika hizo anaweza kuwarudisha darasani wakiwa na kazi ya kufanya, au akawapoteza mpaka Novemba.

Hotuba nyingi za siku hiyo huangukia upande mmoja kati ya miwili. Ama ni za kufoka, majina ya waliopata sifuri yakisomwa kwa sauti, ama ni za kubembeleza: msikate tamaa, mnaweza, Mungu yupo. Ya kwanza huumiza. Ya pili hupendeza masikioni, lakini mwanafunzi akirudi kwenye dawati bado hajui afungue daftari lipi. Kinachokosekana kwa zote mbili ni hesabu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Baraza la Mitihani hutoa A kuanzia alama 75, B kuanzia 65, C kuanzia 45 na D kuanzia 30. Chini ya hapo ni F. A ina pointi moja, F ina tano, na pointi za masomo saba bora hujumlishwa. Pointi 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, 26 hadi 33 la nne. Pointi 34 na 35 ni sifuri. Wanafunzi huyajua haya kijuujuu, ila wachache wamewahi kukaa na matokeo yao wenyewe na kuyapigia hesabu.

Kwa hiyo mkuu wa shule na atumie mfano, bila jina la mtu. Mwanafunzi amepata Kiswahili 58, Uraia 47, Kiingereza 43, Historia 41, Jiografia 38, Baiolojia 33 na Hisabati 12. Hizo ni C mbili, D nne na F moja, jumla pointi 27: daraja la nne. Nyumbani ataambiwa amefeli. Lakini Kiingereza kimepungukiwa alama 2 tu kufika C, na Historia alama 4. Akizipata hizo alama 6, pointi zake zinakuwa 25, na hilo ni daraja la tatu. Atakuwa na C nne, zikiwemo za Kiswahili, Historia na Kiingereza, ambayo ni masomo ya tahasusi ya HKL. Kwenda kidato cha tano hutaka C zisizopungua tatu, na nafasi hushindaniwa, kwa hiyo mkuu asimwahidi mtu shule. Anachoweza kumwonyesha ni kwamba sasa jina lake linaweza kuingia kwenye ushindani huo.

Kwenye Hisabati hali ni tofauti. Kutoka 12 hadi 30 ni alama 18, na zote zingempunguzia pointi moja tu. Hapa mwalimu hujikuta njia panda, kwa sababu Hisabati inahitajika sana baada ya shule na hakuna mwalimu anayetaka kuwaambia watoto waitupe. Kwa maoni yangu, aseme wazi: Hisabati ibaki kwenye ratiba kila siku kwa mada mbili tatu zinazoshikika, kama takwimu na seti, lakini saa za usiku ziende kwanza kule ambako alama ziko karibu.

Aliyepata sifuri naye ana hesabu yake. D mbili zinamtoa sifuri. Kama ana 27 kwenye somo moja na 24 kwenye jingine, anadaiwa alama 9. Ni haki pia aambiwe kwamba D mbili hazifungui milango mingi, maana kozi nyingi za cheti huanza kwa kutaka D nne, na kwamba njia za ufundi VETA na kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea zipo. Mtoto akifichwa hili mwezi wa tisa, atalijua matokeo yakitoka, wakati hana tena mwalimu wa kumuuliza.

Alama hizo sita zitoke wapi? Jibu liko kwenye pepa zilizosahihishwa, na ndiyo maana hotuba isipite bila agizo la kuzirudisha. Kwenye Historia, wengi hupoteza alama kwa kuorodhesha hoja bila kuzieleza katika maswali ya insha, au kwa kuacha swali la kupanga matukio kwa mfuatano. Kwenye Kiingereza, swali la fasihi likitaka vitabu viwili, mtu hujibu kwa kimoja. Na yapo makosa ambayo si ya somo kabisa: mwanafunzi anajua sababu za Vita vya Majimaji kwa Kiswahili, lakini mtihani wa Historia unaandikwa kwa Kiingereza, na sentensi zinamkatikia njiani. Huyo hahitaji kusoma mada upya. Anahitaji kuandika aya moja kila siku na mwalimu aipitie.

Kuhusu namna ya kusoma, mkuu ana jambo moja la kusema lenye ushahidi. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke, watafiti wa saikolojia wa Marekani, walichapisha jaribio ambalo kundi moja la wanafunzi lilisoma habari kisha likairudia kuisoma, na jingine likaisoma kisha likaandika yote linayoyakumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja walikumbuka asilimia 42, na wale waliojijaribu asilimia 56. Anayepiga msuli kwa kupitisha macho kwenye notisi usiku kucha hujiona ameiva kwa sababu anajipima dakika ile ile. Afunge daftari, ajibu swali la pasti pepa, ndipo afungue kusahihisha.

Kuna kitu kimoja ningeomba kiondolewe kwenye hotuba hizi: Einstein aliyefeli hisabati. Si kweli. Mwaka 1895, akiwa na miaka 16, alishindwa mtihani wa kuingia chuo cha ufundi cha Zurich kwa sababu ya masomo mengine. Hisabati na fizikia alifanya vizuri. Akapelekwa shule ya Aarau, akasoma mwaka mmoja, akaingia chuoni 1896. Hadithi ya kweli inafaa zaidi, kwa kuwa ndani yake kuna shule, walimu na mwaka mzima wa masomo yaliyompungukia.

Basi hotuba yenyewe inaweza kuwa fupi hivi: "Wanangu, matokeo mmeyaona na sitayasoma hapa. Moku haiandikwi kwenye cheti. Leo saa nane kila mmoja atachukua pepa zake kwa mwalimu wa somo. Tafuta masomo mawili ambayo alama zako ziko karibu na daraja la juu. Andika umepungukiwa ngapi, na swali gani limezila. Karatasi hiyo mpe mwalimu wa taaluma kabla ya Ijumaa. Aliyepata sifuri aje kwangu, mmoja mmoja. Hakuna fimbo ofisini."

Hilo la fimbo lisemwe tu kama litatimizwa. Baada ya wiki mbili mwalimu wa taaluma atoe jaribio fupi la yale maswali yaliyopotezwa, si pepa nzima. Aliyekuwa na 43 akipata tena sehemu ile ile aliyokosea, karatasi yake ipo, na mwalimu wa somo anajua aanzie wapi. Na ikiwa karatasi zilizorudishwa ni chache, kasoro ya kutafutwa kwanza ni kama pepa zilirudishwa kweli madarasani, kwa sababu shule nyingi huzifungia kabatini zikishaingizwa kwenye orodha ya alama.