Hesabu ya Siku za Malaria

Sote tunajua kuwa malaria huletwa na mbu. Lakini tujiulize: mbu akimwuma mgonjwa leo, je, kesho anaweza kumwambukiza mtu mwingine? Wengi wetu tutajibu ndiyo. Kumbe sivyo. Kijidudu cha malaria kina safari ndefu yenye vituo, na kila kituo kina siku zake. Tukizijua siku hizo tutaona wapi njia yake inaweza kukatwa.

Tuchukue mfano wa bwana mmoja wa Cheju, hapa Unguja. Amekwenda bara kwa biashara, akalala bila chandarua. Usiku huo akaumwa na mbu mwenye vijidudu. Hiyo tuiite siku ya 1.

Kituo cha kwanza: ini

Mbu anapouma hutia mate yake kwanza, ndipo akafyonza damu. Vijidudu vimo ndani ya mate hayo. Vinaingia katika damu, na baada ya muda mfupi vinajificha ndani ya ini. Huko hukaa kiasi cha wiki moja, vikizaana mpaka vinakuwa maelfu. Bwana wetu hana habari. Anakula, anafanya kazi, anapanda boti kurudi nyumbani. Hata akipimwa damu siku hizo, kipimo hakitaonyesha kitu, maana vijidudu bado vimejificha ndani ya ini.

Kituo cha pili: damu

Baada ya wiki hiyo vijidudu hutoka katika ini na kuingia ndani ya chembe nyekundu za damu. Humo huzaana tena. Kila baada ya siku 2 hivi chembe hupasuka, na vijidudu vipya hutoka kwenda kushika chembe nyingine. Kupasuka huko ndiko kunakoleta homa, baridi na kutetemeka. Kwa bwana wetu, tuseme homa imeanza siku ya 12.

Hapa tusikilize vizuri. Siku ya homa ya kwanza, bwana huyu anaumwa, lakini kwa kawaida bado hawezi kumpa mbu malaria. Vijidudu vinavyoleta homa haviwezi kuishi ndani ya mbu. Vinavyoweza ni vingine: dume na jike. Hivi huanza kutokea baadaye, na kwa malaria iliyo nyingi hapa kwetu huchukua kiasi cha siku 10 kukomaa.

Basi bwana akipimwa na kuanza dawa siku ile ile ya homa au kesho yake, dawa mseto itaua vijidudu kabla dume na jike hawajakomaa. Malaria imeishia kwake. Akikaa nyumbani akinywa vidonge vya kupoza homa tu, akifika siku ya 22 atakuwa na dume na jike waliokomaa. Hao dawa mseto haiwaui vizuri. Ndiyo maana hospitalini mgonjwa huweza kupewa pia dozi moja ya primakwini, inayowaua hao hasa.

Iko taabu moja. Wapo watu wenye vijidudu ambao hawaoni homa kabisa. Kwa hiyo siku hizi, mgonjwa wa malaria akipatikana hapa Zanzibar, habari hupelekwa kwa simu, na ofisa wa malaria wa wilaya huja nyumbani kupima watu wa nyumba hiyo. Akija, tusione ametushuku. Anamtafuta yule ambaye anajiona mzima lakini anawapa mbu vijidudu.

Kituo cha tatu: tumbo la mbu

Tuseme bwana wetu hakutibiwa. Siku ya 22 mbu jike anamwuma na kunywa dume na jike pamoja na damu. Ndani ya tumbo la mbu wanakutana. Watoto wao wanakua, halafu wanasafiri mpaka kwenye mate ya mbu. Kazi hiyo, kwa joto la Unguja, huchukua siku 10 mpaka 12. Kabla ya hapo mbu huyo akimwuma mtu, hampi malaria.

Hapa ndipo palipo na faida yetu kubwa. Mbu huyu hutafuta damu kila baada ya siku 2 au 3, ili apate kutaga mayai. Tuseme ni siku 3. Basi kabla ya kuwa tayari siku ya 12, itambidi arudi kutafuta damu mara 3.

Hebu tufanye hesabu. Tuna mbu 100 waliokunywa damu ya wagonjwa. Kila wanaporudi, nusu yao wanakufa kwa dawa ya chandarua. Mara ya kwanza wanabaki 50, mara ya pili 25, mara ya tatu 12 tu. Sasa tuseme na kuta nazo zimepigwa dawa, na kila mara wanakufa 80 katika kila 100. Wanabaki 20, kisha 4, kisha 1. Chandarua na dawa ya ukutani havikumaliza mbu wote wa kijiji. Vimewafanya wafe mapema, wasifikie umri wa kuambukiza.

Lakini mbu anayetuuma barazani mapema jioni hagusi chandarua wala ukuta. Tena mbu huweza kuizoea dawa, na hapo dawa hubidi ibadilishwe.

Na maji je?

Mbu wa malaria, aitwaye anofelesi, hupenda kutaga katika maji safi yenye jua, kama ya mashamba ya mpunga ya Cheju. Maji hayo hatuwezi kuyakausha, maana ndiyo chakula chetu. Mbu wengi wanaosumbua Mji Mkongwe ni wengine. Wao huzaliwa katika makaro yenye maji machafu, na huweza kuleta matende. Kuziba karo ni vizuri, lakini hakukati njia ya malaria.

Tukiacha, inarudi

Unguja imekwisha yaona haya. Kuanzia mwaka 1957 nyumba zilipigwa dawa ya DDT. Kufika mwaka 1968, hapa Unguja walibaki na vijidudu kiasi cha watu 2 tu katika kila 100. Kazi ikasimamishwa mwaka ule, na malaria ikarudi kwa nguvu. Mwaka 2003 ilianza kutumika dawa mseto, na mwaka 2006 vyandarua vyenye dawa pamoja na kupiga dawa majumbani. Kufika mwaka 2008 wenye vijidudu walikuwa chini ya mtu 1 katika kila 100. Lakini anofelesi wako pale pale mashambani, na boti za bara zinafika kila siku. Mtu mmoja mwenye vijidudu, katika kijiji kilichokunja vyandarua, anatosha kuanzisha hesabu upya.

Basi ukirudi safari na ukapata homa, usihesabu siku. Nenda ukapimwe siku ile ile, na umwambie mganga kuwa ulisafiri.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini mtu aliyeumwa na mbu juzi hawezi kuonekana na malaria akipimwa leo?
2. Mbu amekunywa damu ya mgonjwa leo. Itachukua siku ngapi mpaka aweze kuambukiza?
3. Katika kijiji chetu, nani hukaa nje mapema jioni, na afanye nini asiumwe?