Jasho la Mkungu na Mvua ya Kongo

Hapa Magogoni, Mombasa, mbele ya baraza tunayokaa jioni, pana mkungu mmoja mnene. Februari hii, jua likiwa la kupasua kichwa, nililivalisha tawi lake moja karatasi ya mkate, ile nyangavu, nikaikaza mdomo kwa uzi. Ilikuwa saa nne asubuhi. Nusu saa baadaye karatasi ilikuwa imeingia ukungu kwa ndani kama kioo cha matatu siku ya mvua, na kufikia adhuhuri matone yalikuwa yameteremka hadi pembe ya chini, maji ya kujaa vijiko viwili vya chai.

Mzee mmoja muuza maji alisimamisha mkokoteni wake.

"Mwanangu, huo mti unakojoa?"

"Unatoka jasho, mzee wangu."

"Basi pandeni mingi, mvua inyeshe, na sisi tupumzike kusukuma."

Kauli hiyo naisikia kila mwaka kwenye sherehe za kupanda miche, ikitoka vinywani mwa watu wenye maikrofoni. Inanikera kwa sababu nusu yake ni kweli kabisa, na nusu ya pili imewafanya watu wasijue msitu unafanya kazi gani hasa.

Nianze na nusu ya kweli. Upande wa chini wa jani umejaa vitundu visivyoonekana kwa macho, kila kimoja kikilindwa na seli mbili zilizokaa kama midomo. Mwanga ukija, seli hizo huingiza madini ya potasiamu, maji huyafuata, nazo huvimba na kuachana. Mti haukufungua mlango kwa kutaka kutoa maji. Unataka hewa ya ukaa ili ujipikie chakula, lakini kwa kila chembe moja ya hewa hiyo inayoingia, mamia ya chembe za maji hutoroka. Karibu maji yote yanayonyonywa na mizizi huishia angani, na ni sehemu ndogo mno inayobaki kuwa mti.

Mkokoteni wa yule mzee ulikuwa na mitungi 18 ya lita 20, yaani lita 360. Mti mmoja mkubwa wa msitu wa mvua unaweza kutoa kiasi hicho kwa siku moja. Ukichukua msitu mzima, wastani ni kama lita tatu na nusu kwa kila mita mraba kwa siku, na hekta moja inafika lita 35,000. Hiyo ni mitungi 1,750 bila mtu kusukuma.

Sasa mvuke huo unakwenda wapi? Hapa ndipo wenye maikrofoni wanapopotea. Mvuke hukaa angani siku nane, tisa hivi kabla ya kuanguka, na upepo hausubiri. Tuchukue Shimba Hills, ule msitu wetu upande wa Kwale. Upepo wa kilomita 18 kwa saa unauvuka kwa muda usiozidi saa moja na nusu. Ndani ya muda huo wa mchana, msitu utakuwa umeongeza chini ya nusu lita juu ya kila mita mraba. Lakini hewa ya pwani iliyotoka baharini tayari imebeba kama lita 45 juu ya mita hiyo hiyo. Mchango wa Shimba ni kama sehemu moja kwa mia. Mvua ya Mombasa, masika na vuli, inatoka Bahari ya Hindi, na ungepanda mikungu kutoka Mtopanga hadi Mtwapa usingeibadilisha.

Upeleke upepo huo huo Bonde la Kongo. Msitu unaendelea kilomita 1,500 hivi, na hewa inakaa juu yake siku tatu na nusu. Kila siku inapewa lita tatu na nusu, na mwisho wa safari imeongezewa lita kama 12, zaidi ya robo ya mzigo wake. Kwa kuwa hewa hiyo njiani inanyesha na kujazwa tena, maji ya mvua moja yanarudi angani na kuwa mvua ya pili huko mbele. Ndiyo maana mvua inafika katikati ya bara, mbali na bahari yoyote.

Mtu atauliza: tunajuaje kuwa hayo ni maji ya majani wala si ya bahari, ilhali mvuke hauna kitambulisho? Unacho. Chembe chache za maji ni nzito kuliko nyingine, kwa sababu ya haidrojeni nzito au oksijeni nzito iliyomo. Bahari inapotoa mvuke, nzito huwa vivu kuondoka. Na hewa inapoanza kunyesha, nzito huwa za kwanza kuanguka. Kwa hiyo mvuke wa baharini, kadiri unavyoingia bara ukinyesha njiani, unapaswa kuwa mwepesi zaidi na zaidi. Jani halichagui hivyo. Ukijumlisha siku nzima, linarudisha nzito na nyepesi kwa kadiri ile ile iliyonyonywa na mzizi. Palipo na jasho la majani, mvuke huwa mzito kuliko ulivyotarajiwa.

Mbrazili Eneas Salati alitumia hila hiyo miaka ya 1970 huko Amazoni, akakuta mvua ya ndani kabisa haijawa nyepesi kama ingekuwa ya bahari peke yake. Baadaye setilaiti ya NASA iitwayo Aura, iliyorushwa 2004, ikaweza kupima uzito huo kutoka juu. Ikaonekana kwamba kusini mwa Amazoni, kabla upepo wa bahari haujaleta kitu, majani yenyewe huanza kulowesha anga mwishoni mwa kiangazi, kwa maji ya chini ambayo mizizi mirefu bado inayafikia. Msitu huo hauingoji mvua, unaianzisha.

Ukikatwa je? Shamba la mahindi halina mizizi ya kufika huko chini, na kiangazi kikikaza linanyamaza. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds walipitia takwimu za setilaiti za 2003 hadi 2017. Eneo dogo likikatwa, tofauti ya mvua ni ndogo. Wakipanua jicho hadi kilomita 200, masafa ya Mombasa hadi kuipita Voi, kila asilimia moja ya msitu iliyopotea iliondoka na robo ya milimita ya mvua kwa mwezi.

Hayo hayanifanyi niidharau Shimba. Kinachoniudhi ni kuisifu kwa kazi isiyo yake huku kazi yake ikipuuzwa: udongo wake unazamisha mvua ya bahari polepole, nazo chemchemi za Marere zimeiletea Kwale na Mombasa maji tangu enzi za mkoloni. Anayechoma makaa humo haondoi wingu, anaziba bomba. Bado kuna asali, dawa, kivuli, ndovu, na mengine.

Jioni nilimweleza yule mzee kwamba maji ya bomba yanayotoka Baricho ni ya mto Sabaki, ambao chanzo chake ni nyanda za juu, na kwamba zipo siku upepo hugeuka ukavuma kutoka magharibi, huko juu kukanyesha kuliko kawaida, kwa mvuke uliopitia misitu ya Kongo. Kwa hiyo huenda kwenye mitungi yake mna jasho la mti wa Kongo.

Akaipigapiga mitungi kwa kiganja. "Haya ya kisima hapo nyuma, mwanangu. Yaonje, yana chumvi."