Saa za kujaza tangi la maji

Muda wa kujaza tangi hupatikana kwa kugawa ujazo wake kwa kiasi cha maji ambayo pampu hutoa kwa dakika. Vipimo vya tangi huchukuliwa kwa ndani, na kimo huishia kwenye bomba la kumwagia maji ya ziada, kwa kuwa maji hayapandi kupita hapo.

Tuseme tangi la zege lina urefu wa mita 3, upana wa mita 2 na kimo cha mita 1.5 hadi kwenye bomba hilo. Ujazo wake ni 3 × 2 × 1.5, yaani mita za ujazo 9. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000, hivyo tangi huchukua lita 9,000. Kibao cha pampu kikionyesha lita 50 kwa dakika, hesabu hutoa dakika 180, yaani saa 3.

Hata hivyo, namba ya kibaoni kwa kawaida ni ya juu kabisa, pampu isipopandisha maji. Kadiri maji yanavyopandishwa juu, ndivyo yanavyopungua. Kiasi halisi hupimwa kwa ndoo kwenye mdomo wa bomba, pale juu ya tangi. Ndoo ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 40, pampu inatoa lita 30 kwa dakika. Lita 9,000 zitahitaji dakika 300, yaani saa 5.

Tangi likiwa tayari na maji ya kimo cha nusu mita, zimebaki lita 6,000, ambazo ni saa 3 na dakika 20.