Kiungo Kipi Kibaki Chini ya Tangazo?

Mtu aliyeko Manchester akitafuta kwenye simu kampuni ya kumpandisha Kilimanjaro, matokeo ya juu kabisa mara nyingi huwa ni matangazo ya kulipia. Tangazo lenyewe ni kichwa na maelezo mafupi tu. Chini yake ndipo hufuata nyongeza: viungo vidogo vinavyompeleka moja kwa moja kwenye ukurasa wa bei au wa njia ya Machame, vijisentensi vya sifa, namba ya simu ya kugusa na kupiga, pengine na picha. Wanaoendesha matangazo ya Google hawa wageni kwao, ingawa mwaka 2022 kampuni hiyo ilivibadilishia jina, kutoka Extensions kuwa Assets. Vile viungo vidogo wao huviita sitelinki, na ndivyo vinavyoleta mkanganyiko mkubwa kuliko vyote siku ya kusoma ripoti.

Kuviweka ni bure. Anayekigusa kiungo ndipo unapolipa, na bei yake hukokotolewa sawasawa na ya mtu aliyegusa kichwa cha tangazo. Mtu yuleyule akigusa sehemu kadhaa za tangazo moja, Google haitozi zaidi ya mibofyo miwili kwa tangazo lililoonekana mara moja. Maandishi ya sitelinki hayazidi herufi 25 pamoja na nafasi, na chini yake unaweza kuongeza mistari miwili ya herufi 35 kila mmoja. Vitakavyotokea safari hii, na vingapi, si wewe unayeamua. Mfumo huchagua kila mara tangazo linapoingia mnadani, kwa kukisia vipi vitasaidia, na kwa kuangalia kama tangazo limepata nafasi ya juu ya kutosha.

Sasa tuchukue kampuni ndogo ya utalii ya Moshi, ya kubuni, na namba za mfano. Katika miezi mitatu tangazo lake limeonekana mara 5,000 na kubofywa mara 400. Mwenye kampuni anafungua ukurasa wa Assets na kukuta sitelinki nne. "Bei" ina mibofyo 310, "Njia ya Machame" 270, "Kuhusu Sisi" 261, na ya nne, inayohusu vifaa vya kubeba mlimani, 118. Akijumlisha anapata 959, na tangazo zima limebofywa mara 400 tu.

Ripoti haijakosea. Mstari wa "Bei" hauhesabu waliogusa "Bei". Unahesabu mibofyo yote iliyopatikana wakati "Bei" ilikuwa ikionekana, hata kama mtu aligusa kichwa cha tangazo au kiungo cha jirani. Tangazo lililotokea na viungo vitatu likabofywa mara moja huandikwa kwenye mistari yote mitatu. Jumla iliyo chini ya jedwali huhesabu kila mbofyo mara moja, ndiyo maana haiwiani na mistari iliyo juu yake.

Mtu asiyelijua hili huiangalia safu ya asilimia ya mibofyo na kumtafuta mshindi. Kwenye mfano wetu "Kuhusu Sisi" imeonekana mara 2,900, na 261 kati ya hizo ni asilimia 9. "Bei" imeonekana mara 3,600, ikapata asilimia 8.6. Mwenye kampuni ataona kwamba wageni wanapenda kuijua kampuni kuliko kujua bei, na huenda akaanza kuandika upya ukurasa wa historia yake.

Dawa ni kukata jedwali vipande. Juu ya jedwali kuna kitufe cha Segment, na ndani yake chaguo la kutenganisha mibofyo ya kiungo chenyewe na ya sehemu nyingine, linaloitwa This asset vs. Other. Akilichagua, kila mstari unagawanyika. "Bei" inabakiwa na mibofyo yake halisi 54, "Njia ya Machame" 19, ile ya vifaa 23, na "Kuhusu Sisi" minne. Jumla ni 100. Ile 300 iliyobaki ilikuwa ya kichwa cha tangazo tangu mwanzo. Mshindi wa jedwali la kwanza amegeuka kuwa wa mwisho.

Je, ile asilimia 9 ilitoka wapi? Hapa inabidi kutenganisha kampeni. Kampuni hii ina kampeni mbili: moja kwa wanaoandika jina lake, nyingine kwa wanaotafuta kupanda Kilimanjaro kwa jumla. Anayeandika jina la kampuni tayari ana nia, kwa hiyo hubofya sana hata chini ya tangazo kukiwa kutupu. Kwenye kampeni hiyo "Bei" na "Kuhusu Sisi" zote ziko karibu asilimia 13, hazipishani. Kwenye kampeni ya jumla, "Bei" ina asilimia 6.2 na "Kuhusu Sisi" 5.4. Ila karibu nusu ya maonyesho ya "Kuhusu Sisi" yalikuwa kwa wale wanaolijua jina, na hao ndio waliolibeba wastani wake. Kiungo kilikuwa kimepanda lifti na wengine.

Kasoro hiyohiyo hutokea hata ndani ya kampeni moja. Nyongeza huonekana zaidi tangazo linapokuwa juu ya ukurasa, na tangazo la juu hubofywa zaidi kwa sababu ya nafasi yake. Ukilinganisha siku ambazo nyongeza zilionekana na siku ambazo hazikuonekana, kwa sehemu kubwa unalinganisha nafasi ya juu na nafasi ya chini. Wanaojisifu kwamba sitelinki zimewaongezea mibofyo maradufu, wengi wao wameisoma ripoti kwa namna hiyo.

Basi "Kuhusu Sisi" ifutwe kwa kuwa na mibofyo minne? Mimi nisingeharakisha. Kiungo kisichoguswa hakikugharimu kitu. Zaidi ya hapo, kinalifanya tangazo lichukue eneo kubwa zaidi la kioo, na manufaa yanayotarajiwa kutoka kwa nyongeza ni miongoni mwa mambo ambayo Google huyapima inapopanga tangazo la nani liwe juu. Uchache wa mibofyo unakuwa hoja pale tu unapokuwa na kiungo bora cha kuweka mahali pake. Kampuni yetu, kwa mfano, haina kiungo cha Lemosho wala cha Marangu, njia ambayo wageni hulala kwenye vibanda badala ya mahema. Anayetafuta kampuni ya kupanda nayo anahitaji kuchagua njia kabla ya kuhitaji wasifu wa mwenye kampuni. Hapo ningeihamishia "Kuhusu Sisi" kwenye kampeni ya jina peke yake, na kwenye ile ya jumla nikaweka Lemosho na Marangu, kila kimoja kikienda kwenye ukurasa wake. Viwili vikipelekwa ukurasa mmoja, Google inaweza kukikataa kimoja.

Katika kuhamisha huko kuna jambo la kuangalia. Sitelinki huwekwa kwenye ngazi tatu: akaunti nzima, kampeni, au kundi la matangazo. Zamani kiungo cha ngazi ya chini kilikuwa kikikizuia cha juu. Tangu Machi 2022 vya ngazi ya juu vinaweza kutokea pamoja na vya chini. Kwa hiyo anayeiacha "Kuhusu Sisi" kwenye akaunti huku akiweka viungo vipya kwenye kampeni atashangaa kuiona bado inachomoza. Aiondoe kwenye akaunti, kisha aiweke upya kwenye kampeni anayoitaka.

Kinachostahili kufutwa bila huruma ni kiungo kinachokula hela bila kuleta mgeni. Hapo tena mibofyo peke yake haisemi kitu. Lazima uwe unahesabu kinachofuata, tuseme fomu za maulizo zilizojazwa. Wastani wa mbofyo ukiwa dola 1.50, "Bei" imekula dola 81 na kuleta maulizo mawili. "Njia ya Machame" imekula dola 28.50 na kuleta matatu. Machame inaonekana bei nafuu mara nne, lakini ulizo moja likihama kutoka hapa kwenda pale tofauti hiyo inashuka hadi chini ya mara mbili. Namba ndogo namna hii hazitoshi kukifuta kiungo chochote kati ya hivyo viwili. Tena wengi hupita kwenye bei leo, wakarudi wiki ijayo kwa mlango mwingine. Anayetaka kuwafuata hata ndani ya tovuti atie alama mwishoni mwa anwani ya kila kiungo, kama hivi:

```
?utm_content=sitelink-bei
?utm_content=sitelink-machame
```

Sasa ile ya vifaa vya kubeba. Mwenye kampuni hakumbuki kuiweka, na kweli hakuiweka yeye. Akiangalia safu inayoonyesha chanzo cha nyongeza atakuta imeundwa na mfumo wenyewe, uliopitia tovuti yake, ukaona makala ya zamani inayosomwa sana, ukaitengenezea kiungo. Mibofyo 23, dola 34.50, maulizo sifuri. Ukifikiri utaona sababu: anayeuliza abebe soksi ngapi na begi la kulalia la aina gani huenda ameshalipia safari kwa kampuni nyingine. Mfumo unajua kubashiri nani atabofya. Kwamba ameshalipa kwingine, haujui. Kiungo cha namna hii unaweza kukiondoa peke yake, au ukazima aina nzima ya viungo vinavyojiunda, kwenye mipangilio ya nyongeza za moja kwa moja za akaunti. Mimi ningekiondoa hicho kimoja kwanza, kisha niyaangalie vizuri maneno ambayo watu waliyaandika wakalipata tangazo. Kama "orodha ya vifaa" imo, kosa halikuwa la kiungo tu, na maneno hayo yanapaswa kuzuiwa kwenye kampeni nzima.

Vile vijisentensi vya sifa havina mibofyo yake kabisa, kwa kuwa havibofyeki. Mstari wake kwenye ripoti wote ni mibofyo ya tangazo. Hapo acha hesabu, usome kwa macho: je, ni kweli, na je, kinarudia kilichokwisha kusemwa kwenye kichwa? "Huduma bora" inaweza kuondoka. "Safari ya Machame siku 7" ina la kumwambia mtu.

Namba ya simu nayo inasomwa tofauti. Anayeigusa unamlipia hata kama hakuna aliyepokea. Saa kumi jioni ya New York wakati wa kiangazi, Moshi ni saa tano usiku, na ofisi imefungwa. Nyongeza ya simu ina ratiba yake, ambayo hufuata saa za akaunti na si saa za mpigaji. Kabla ya kuamua kama simu ibaki au iondoke, weka ripoti ya mibofyo ya simu kando ya orodha ya simu zilizopokelewa kweli ofisini, saa kwa saa. Zile za usiku zinazuilika kwa ratiba tu, na namba ikaendelea kufanya kazi mchana.